Barua ya Kipande cha Boksi

Nitakachowaeleza hamtakiamini, nami sitawabembeleza. Mmezoea kudanganywa na watu wenye tai. Akija mtu mwenye bisibisi mfukoni na ukweli mdomoni, mnamkodolea macho kama mbuzi aliyeonyeshwa kioo. Basi mwamini msiamini, kuna ofisi nzima, yenye watu kumi na wawili na mashine ya kahawa isiyotoa kahawa, iliyookolewa na kipande cha boksi kisichozidi kiganja changu. Na aliyekitia kwenye barua ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, msichana ambaye hata kucheka hucheka kwa kipimo.

Nyumbani tunamwita Shahidi. Jina nilimpa mimi, akiwa na miaka sita. Nilikuwa nawasimulia wageni jinsi nilivyowahi kukimbizwa na mbwa watatu wenye njaa, sebule nzima imeshika pumzi, mara katoto kale kakatoa kidole gumba mdomoni kakasema, "Alikuwa mmoja. Na alikuwa amefungwa." Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo sijawahi kumaliza kisa mbele yake bila kupunguziwa mbwa.

Mimi ni fundi wa majokofu na vyumba vya baridi. Shule tuliachana mapema, kwa maelewano, lakini hakuna mashine ya baridi niliyowahi kuigusa ikakataa kunguruma, na mwenye ubishi alete yake. Kwa sifa hizo nilichukuliwa na kampuni inayouza kifaa kimoja kidogo, cha ukubwa wa pakiti ya sigara. Unakitundika ndani ya chumba cha baridi, kisanduku chake chenye laini ya simu kinakaa nje, na kila baada ya dakika tano kinapima joto na kuliandika. Joto likipita kiwango ulichoweka, na likabaki huko robo saa, kinakutumia meseji. Kisipojibiwa kinapiga simu. Basi. Hakiimbi, hakichezi, hakifanyi kingine chochote, na kazi hiyo moja kinaifanya vizuri kuliko walinzi wote ninaowajua.

Kitu chema kama hicho, ungedhani kitajiuza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, si ndivyo tulivyofundishwa? Lakini hata chema kikipewa mpiga debe mpumbavu, watu hupita wakiziba masikio. Sisi mpumbavu wetu tulikuwa naye, tena mwenye kiti cha kuzunguka.

Alikuwa mkuu wa mauzo. Jina lake halina maana. Sisi wa karakana tulimwita Suluhisho, kwa sababu neno hilo lilimtoka kila baada ya pumzi mbili. Chai ikipoa, anatafuta suluhisho. Taa ikizimika, "tunahitaji suluhisho la kimkakati." Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, sakafu ya vigae vyeupe vinavyoteleza, meza kubwa isiyo na karatasi hata moja, na ukutani picha ya mlima ambao nina hakika hajawahi kuupanda hata kwa macho. Hajawahi kuingia chumba cha baridi maishani mwake. Siku moja nilimwomba anisaidie kushika ngazi, akaniuliza ngazi inashikwa wapi.

Huyo ndiye aliyemwajiri Shahidi kwa majaribio ya miezi mitatu. Sharti lilikuwa moja, limeandikwa na kutiwa sahihi: mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu, apate wenye mabucha watano watakaokubali kuonyeshwa kifaa dukani kwao. Watano, abaki. Wanne, arudi nyumbani kwa mama yake akahesabu mbwa wangu.

Walimpa orodha kutoka chama cha wauza nyama: majina sitini na mawili, wote wenye vyumba vya baridi, wote wenye barua pepe kwenye simu zao. Wakampa na barua ya kuwatumia, aliyoitunga Suluhisho mwenyewe. Niliisoma. Nawawekea mwanzo wake tu, maana siwatakii mabaya:

"Sisi ni kampuni kinara katika utoaji wa suluhisho bunifu, jumuishi na la kisasa la usimamizi wa mnyororo wa baridi, tukiwa tumejizatiti kikamilifu kukidhi mahitaji yako..."

Mistari kumi na minane ya namna hiyo. Ukifika mwisho hujui kama unauziwa kifaa, jeneza au uanachama wa kanisa. Aliwahi kuituma mwaka mzima kwa watu wengine na ikaleta alichostahili, yaani upepo. Shahidi aliirithi, akawapigia watu simu pia, akawatembelea kwa miguu mpaka soli ya kiatu ikaachia. Miezi miwili na nusu ilipokwisha alikuwa na mtu mmoja aliyekubali. Mmoja! Na huyo nadhani alimhurumia kiatu.

Siku hiyo alikuja karakana wakati wa chakula cha mchana, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mjomba, nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Akafungua barua zangu, zile za kuuziwa vitu, ambazo huwa sizisomi. Akanionyesha. "Unaona? Kwenye simu hufungui kwanza. Unaona jina la aliyetuma, mada, halafu maneno machache ya mwanzo. Ya huyu yanasema nini?"

"Sisi ni kampuni inayoongoza..."

"Na huyu?"

"Sisi ni kampuni..."

"Na huyu?"

"Ah, wewe! Wote ni kampuni inayoongoza. Sasa anayefuata ni nani?"

Hakucheka. "Mwenye bucha anaangalia simu mkono mmoja, mwingine una damu. Akiona habari za kampuni, anafuta. Lakini akiona habari za mwenye bucha mwenzake, atataka ajue yalimkuta nini. Mimi nikiwa yeye ningesoma. Mjomba, wewe ndiye unayewafungia kifaa. Ni nani kiliwahi kumsaidia kweli?"

Hapo nikakaa sawa. Nani asiyejua kuwa visa ni mimi? Nikamsimulia cha Mama Kisu, mwenye bucha lililo karibu na kituo cha zimamoto. Nikamweleza jinsi Jumamosi moja mama huyo alivyokuwa kwenye harusi ya mwanawe, maharusi wako madhabahuni, simu ikalia kama king'ora. Chumba cha baridi kimegeuka tanuri, ng'ombe wanane ndani. Mama akapiga ukelele, bi harusi akazimia, bwana harusi akakimbia na suti yake mpaka dukani akaupiga teke mlango...

"Ng'ombe wanane wanaingia kwenye kile chumba?"

"Wakikaa vizuri."

"Mjomba."

"Sita."

"Twende tukamuulize mwenyewe," akasema, akanyanyuka kutoka kwenye ndoo. Adabu za watoto wa siku hizi! Mjomba mzima, neno langu linapelekwa kupimwa kama nyama.

Mama Kisu ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya msumeno wa mifupa. Alitusikiliza huku akifuta kaunta. Shahidi alimwamkia, akaeleza alichotaka, kisha akarudia kisa changu neno kwa neno, na nikiri kwamba kwa sauti yake kilisikika cha kijinga kidogo.

"Bi harusi kuzimia?" Mama Kisu akanigeukia. "Fundi, wewe ulialikwa?"

"Niliambiwa."

"Uliambiwa na nani, na wewe mwenyewe?" Akamrudia Shahidi. "Mwanangu, sikiliza. Tulikuwa tumeshamaliza kanisani, tunakula. Nina sahani mkononi. Meseji ikaingia: nyuzi sita. Kawaida changu kinakaa mbili. Nikampigia mkata nyama wangu hapa dukani, nikamwambia katazame mlango. Akaniambia, mama, kuna kipande cha boksi kimenasa chini, haufungi sawasawa. Akakitoa, akausukuma mlango kwa goti. Nikaendelea kula. Ndiyo yote."

"Sahani ulikuwa nayo bado mkononi?"

"Sasa ningeiweka wapi?"

Shahidi akaandika: sahani mkononi. Akaomba aone kumbukumbu kwenye simu. Ikaonekana, kama mlima mdogo kwenye mstari: nyuzi mbili, tatu, nne, sita, kisha kushuka tena. Akauliza nyama ilikuwaje.

"Nyama haikuwa na habari," akasema Mama Kisu. Nami, kwa kuwa hapo ndipo penye ufundi wangu, nikathibitisha: mlango ukiachia, hewa ndiyo inayopata joto kwanza, pande la nyama lililopoa hukaa saa nyingi kabla halijagutuka.

"Naweza kuwaandikia wenzako kisa hiki, mama?"

Mama Kisu akaacha kufuta. "Andika. Lakini jina langu usiweke, wala la duka. Na usije ukaandika kwamba nyama yangu iliharibika, au ilikaribia. Neno 'kuoza' likitajwa pamoja na bucha langu, hata kwa mzaha, wateja wanahama kesho. Akitokea mtu anayetaka kuhakikisha, mpe namba yangu, nitamjibu."

"Nitaandika ulivyosema, mama."

"Wewe nakuamini," akasema, akinitazama mimi.

Jioni hiyo Shahidi aliandika barua. Akaifuta. Akaandika nyingine. Mimi nilikaa pembeni nikimpa misaada, kwamba hata kama bi harusi hakuzimia angeweza walau kuyumba, naye akawa ananijibu kwa kupiga kidole kwenye kitufe cha kufuta. Mwishowe ilikuwa hivi, yote:

"Mada: Mlango wa chumba cha baridi, siku ya harusi

Mzee, shikamoo. Jumamosi moja mwenzako mmoja mwenye bucha alikuwa kwenye harusi ya mwanawe, sahani mkononi, simu ikamwambia chumba chake cha baridi kimefika nyuzi sita. Akampigia mkata nyama wake: kipande cha boksi kilikuwa kimezuia mlango. Mkata nyama akausukuma kwa goti, mama akaendelea kula.

Meseji ile ilitoka kwenye kifaa chetu kidogo. Nawe ukiwa mbali na duka, ni nani hukwambia mlango haujafunga?

Ukipenda kukiona, nijibu siku inayokufaa. Robo saa inatosha, nitakuja dukani kwako."

Chini jina lake na namba yake, basi. Mara ya kwanza nilipoisoma nilimdharau, sifichi. Hapakuwa na moto, hapakuwa na machozi, wala ng'ombe hata mmoja. Nikamwambia, "Hii si hadithi, ni mtu aliyefunga mlango."

"Kila mwenye bucha ana mlango, Mjomba," akasema.

Suluhisho naye alipoisoma alicheka kwa pua. "Sasa tunawatungia watu hekaya? Kampuni iko wapi hapa? Ubunifu uko wapi? Mstari wa kwanza unazungumzia sahani!"

"Unamzungumzia yeye, bosi. Kampuni itakuja akishajiona."

"Sawa. Tufanye kisayansi," akasema, akizungusha kiti. "Thelathini na moja wapate barua yako, thelathini na moja yangu. Tuone."

Zikatumwa Jumanne saa nane mchana, kwa sababu Shahidi alikuwa amechunguza: asubuhi wenye mabucha wanapokea nyama, jioni wanauza, saa nane wanakaa. Suluhisho alisema saa si kitu. Kwake yeye hakuna kilicho kitu, isipokuwa kiti.

Kufikia Jumatano jioni, barua ya Suluhisho ilikuwa imeleta jibu moja. Mzee mmoja, mwenye mabucha mawili, aliandika neno moja tu: "Niondoeni." Barua ya Shahidi ilileta majibu sita. Mmoja alisema kwake lilikuwa gunia, si boksi. Mwingine aliuliza kama mama yule alimfukuza mkata nyama. Na watatu walitaja siku. Watatu na yule wa kiatu: wanne. Bado mmoja, na siku zilikuwepo, wiki na zaidi. Dada yangu alipika kama kuna posa.

Sasa njooni mwone mpumbavu anavyoshughulikia kitu kilichofaulu. Mwenye akili angekiacha. Suluhisho alikaa na barua ile Alhamisi asubuhi nzima, "akiiboresha." Hakumwambia Shahidi. Sahani akaiona ni ya kishamba, akaitoa. Kipande cha boksi akakigeuza kuwa "hitilafu kubwa ya mfumo." Nyuzi sita zikawa kumi na nane. Akaongeza kwamba tani tatu za nyama zilikuwa "zimeanza kuoza." Akaweka jina la duka, wazi, ili kisa kipate uzito. Kisha, kwa sababu mpumbavu haridhiki na shimo mpaka aliingie, akaituma kwa kila jina lililokuwemo kwenye kompyuta: wale waliokwisha kujibu, yule aliyesema niondoeni, na hata wateja tulionao tayari, ambao hakuwa na akili ya kuwatoa.

Kwa hiyo saa nane na dakika mbili Mama Kisu, mteja wetu wa mwaka mzima, akapokea barua kutoka kwetu. Ilianza, "Ndugu mteja mtarajiwa." Ikamweleza jinsi nyama yake mwenyewe ilivyooza.

Alikuja na aproni. Nilikuwa koridoni nikibeba kompresa, nikamwona anapita. Nikajiambia, leo vigae hivi vitakuwa na kazi. Aliingia chumba cha Suluhisho bila kugonga, nami nikaingia nyuma yake, kwa sababu mtu hapewi bahati kama hiyo mara mbili. Shahidi alikuwa ameitwa, amesimama kando ya meza.

"Nani ameoza?" akauliza Mama Kisu.

"Mama, karibu, keti kwanza..."

"Sikuja kukaa. Nimepigiwa simu na watu wanne wananipa pole. Pole ya nini, nimefiwa? Mwenye hoteli ninayempelekea nyama kila siku anauliza eti aje akague. Nyuzi kumi na nane nani alizipima, wewe?"

Suluhisho akashika tai yake. Kisha akafanya nilichojua atafanya. "Mama, kwa kweli kazi hii ilifanywa na huyu binti. Bado yuko kwenye majaribio. Tutamchukulia hatua."

Nusura kompresa yangu imwangukie mguuni, na sijui mpaka leo kwa nini haikumwangukia. Lakini Shahidi hakupandisha sauti. Alitoa simu, akafungua barua yake ya Jumanne, akampa Mama Kisu. Mama akaisoma polepole, midomo ikicheza. Akasoma ya Alhamisi. Akarudi ya Jumanne.

"Sahani ipo," akasema. "Boksi lipo. Goti lipo. Jina langu halipo." Akamgeukia Suluhisho. "Hii ya binti ni mimi. Hii nyingine ni nani?"

Yule bwana akakohoa, akaanza kutafuta suluhisho. Tutawaandikia wote waraka wa kuomba radhi, akasema, akaanza kuutunga kwa sauti: "Tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza..."

"Usumbufu haukujitokeza," akasema Mama Kisu. "Umeuleta wewe, kwa mkono wako. Binti ndiye ataandika. Naye ataandika nikiwa nimesimama hapa, na haitoki mpaka niisome."

Madhara yalikuwa yameshaanza. Kabla jioni haijaingia, wawili kati ya wale watatu walijitoa. Mmoja aliandika: "Kama mwenzetu mnamwandika hivi, na mimi mtaniandikaje?" Shahidi akarudi kwenye watu wawili. Nilimwona akiandika hesabu hiyo kwenye kiganja kwa kalamu, kisha akafunga ngumi.

Lakini hakumwaga chozi, mtoto wa dada yangu. Akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, Suluhisho akasimama ukutani chini ya mlima wake, Mama Kisu akisimama nyuma ya kiti kama hakimu. Nikadhani ataanza kwa kuomba radhi, maana ndivyo barua za radhi zinavyoanza. Akaanza hivi:

"Mada: Mama alikuja ofisini na aproni

Leo mchana mama mwenye bucha aliingia ofisini kwetu akauliza, 'Nani ameoza?' Alikuwa na haki. Tulikuwa tumewatumia ninyi barua iliyosema nyama yake iliharibika. Si kweli. Kilichotokea ni kipande cha boksi mlangoni, hewa ya chumba ikafika nyuzi sita, mkata nyama akakitoa, nyama haikuguswa na lolote. Kumbukumbu ya kifaa inaonyesha kila dakika tano, na mama ameniruhusu nimwonyeshe yeyote atakayeuliza.

Kosa ni letu, na jina lake halikupaswa kuandikwa. Hatuuzi chochote kwenye barua hii."

Suluhisho akanong'ona kutoka ukutani, "Walau tuweke kiungo cha tovuti."

"Wewe nyamaza," akasema Mama Kisu, akamwekea Shahidi mkono begani. "Hapo kwenye aproni, sema ilikuwa safi."

Akaandika: aproni safi. Ikaenda kwa wote waliopata uongo, isipokuwa mmoja. Yule mzee wa "Niondoeni" Shahidi alikataa kumwandikia. Nikamwambia ametumiwa uongo, naye ana haki ya ukweli. Akasema ameomba asiandikiwe. Ameshaandikiwa mara moja baada ya kuomba, na mara moja inatosha kumtukana mtu. Badala yake alimwomba Mama Kisu amweleze kwa mdomo akimwona chamani, kama atapenda.

Sasa ngojeni. Barua isiyouza chochote ilileta majibu kuliko zote. Watu waliandika kucheka, watu waliandika kumsifu mama, mwenye hoteli aliandika kwamba haji kukagua tena. Wale wawili waliojitoa walirudi, mmoja Jumatatu, mwingine Jumatano baada ya kumpigia Mama Kisu mwenyewe simu. Wawili na wawili, wanne. Alhamisi ya wiki ya mwisho bado wanne. Ijumaa asubuhi wanne. Dada yangu hakupika kitu, alikaa jikoni akitazama sufuria.

Ijumaa saa tano, simu ya Shahidi ikaita akiwa karakana kwangu, akaiweka kwenye spika. Sauti ya mzee, kavu.

"Wewe ndiye binti wa boksi?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimetoka chamani, wenzangu wote wanasomeana barua ya aproni. Mimi sina. Kwa nini sikuandikiwa?"

"Mzee, uliomba uondolewe."

Nilisikia shoka likikata mfupa huko aliko.

"Kwa hiyo mliniondoa kweli?"

"Bosi alikuandikia mara moja zaidi, kwa makosa. Mimi nilikuondoa."

"Hm," akasema mzee. "Mtu akisema neno huko kwenu, kumbe linasikika. Njoo Jumatatu. Nina milango miwili, na yote naishuku."

Watano! Nikapiga yowe karakana nzima ikatoka nje kudhani kuna moto. Saa kumi Shahidi akaitwa mwisho wa korido, na mimi, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji, nikamfuata hadi mlangoni. Na hapa ndipo msipoweza kuamini, maana niliyaona kwa macho yangu: yule Suluhisho, na kiti chake na tai yake, alipoiona karatasi yenye majina matano, alitetemeka, akaanguka magoti mbele ya mpwa wangu, machozi yakamtiririka mpaka zulia likalowa chapachapa, akasema, "Binti, nisamehe, kuanzia leo chukua kiti changu, chukua na nusu ya—"

"Mjomba," anasema mtu nyuma ya bega langu, anasoma ninachoandika, "chumba kile kina vigae."